Mlinganyo wa lenzi kwa umbali kutoka kwenye fokasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ninayoulizwa na wanafunzi wa fizikia hapa Dodoma, na mawili matatu kutoka kwa wapiga picha. Karibu yote yanahusu lenzi ya kukusanya mwanga iliyo hewani. Lenzi ya kutawanya nimeigusa karibu na mwisho.

Mlinganyo wenyewe unasemaje?

Ule tuliouzoea darasani ni huu:

1/u + 1/v = 1/f

Hapo u ni umbali wa kitu kutoka kwenye lenzi, na v ni umbali wa taswira kutoka kwenye lenzi. Vyote viwili vinapimwa kuanzia katikati ya lenzi. Nayo f ni urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka katikati ya lenzi hadi fokasi, mahali ambapo miali sambamba na mhimili wa lenzi inakutana.

Mlinganyo wa pili hauanzii kwenye lenzi kabisa. Kila lenzi ina fokasi mbili, moja upande wa kitu na nyingine upande wa taswira. Hapa nitaziita fokasi ya mbele na fokasi ya nyuma. Pima kitu kiko umbali gani kutoka fokasi ya mbele, uuite umbali huo x. Pima taswira iko umbali gani kutoka fokasi ya nyuma, uuite x′. Basi:

x · x′ = f²

Hakuna sehemu wala kugeuza juu chini. Ukuzaji nao unatoka moja kwa moja: m = f/x, au ukipenda, m = x′/f. Huu huitwa mlinganyo wa Newton, kwa sababu Isaac Newton aliutumia uhusiano huu katika kitabu chake cha mwanga kilichotoka mwaka 1704.

Unatoka wapi? Au ni wa kukariri tu?

Chora mstari mlalo uwe mhimili wa lenzi, simamisha kitu chenye kimo h upande wa kushoto, kisha chora miali miwili tu kutoka kichwani mwake.

Mwali wa kwanza unakwenda sambamba na mhimili mpaka kwenye lenzi, kisha unapinda na kupita kwenye fokasi ya nyuma. Umegonga lenzi kwa kimo h, ukashuka hadi kwenye mhimili katika umbali f, ukaendelea kushuka umbali x′ mpaka kwenye ncha ya taswira yenye kimo h′. Hapo kuna pembetatu mbili zinazofanana, kwa hiyo h′/h = x′/f.

Mwali wa pili unapita kwenye fokasi ya mbele, unaifikia lenzi, kisha unatoka sambamba na mhimili. Huu umesafiri umbali x kutoka kwenye kitu hadi fokasi, halafu umbali f hadi kwenye lenzi, na umeigonga lenzi kwa kimo h′. Pembetatu zake zinatoa h′/h = f/x.

Pande za kushoto ni zilezile, basi x′/f = f/x. Zidisha mkingamo upate x · x′ = f².

Anayependa aljebra anaweza kuanza na mlinganyo wa darasani. Weka u = x + f na v = x′ + f, fungua mabano, na kila kitu kitakatika isipokuwa hicho hicho. Mimi napendelea mchoro. Kwenye mchoro unaona kwamba miali yote miwili ilizihitaji fokasi, na kwamba hakuna iliyohitaji kupita katikati ya lenzi. Jambo hilo ndilo litakalotufaa huko mbele.

Mwalimu, lenzi ina f ya sentimita 15, kitu kiko sentimita 40. Mimi nimepata 9, mwenzangu amepata 24. Nani yuko sahihi?

Wote wawili, ila mmoja hajamaliza. Kitu kiko sentimita 40 kutoka kwenye lenzi, na fokasi ya mbele iko sentimita 15 kutoka kwenye lenzi, kwa hiyo x = 25. Mraba wa 15 ni 225. Gawa kwa 25 upate x′ = 9.

Hiyo 9 ni umbali kutoka fokasi ya nyuma. Swali likiuliza taswira iko umbali gani kutoka kwenye lenzi, ongeza f: 9 + 15 = 24. Mwenzako aliyetumia mlinganyo wa darasani alifika hapohapo. Ukuzaji ni 15/25, yaani 0.6, na ukigawa 24 kwa 40 unapata hiyo hiyo.

Kosa hili ndilo kubwa kuliko yote kwenye mlinganyo huu, na lina mwenzake: mtu anaweka x = 40 kwa kusahau kutoa f. Kuna namna rahisi ya kujikagua. Taswira halisi haiwezi kuwa karibu na lenzi kuliko fokasi ya nyuma. Ukipata v iliyo ndogo kuliko f huku kitu kikiwa nje ya fokasi, ujue umesahau kuongeza.

Kama majibu ni yaleyale, kwa nini nijisumbue na mlinganyo wa pili?

Kwa lenzi moja nyembamba ya maabara, unaokoa dakika moja ya hesabu tu. Kwa ajili hiyo peke yake nisingekusumbua.

Tofauti inakuja pale ambapo hujui pa kuanzia kupimia. Chukua lenzi ya kamera, au ya projekta. Ndani ya bomba lake kuna vioo vitatu, vinne au zaidi, vimepangwa kwa nafasi. Katikati ya lenzi ni wapi? Si lazima iwe katikati ya bomba, wala kwenye kioo cha mbele. Kwa kweli lenzi ya namna hii ina mahali pawili pa kupimia: u inapimwa kutoka bapa moja na v kutoka bapa jingine, na mabapa yote mawili yamejificha ndani, hayaonekani wala hayaguswi na rula.

Fokasi, kinyume chake, mara nyingi ziko nje ya bomba, hewani, mahali ambapo unaweza kuweka karatasi ukaona. Basi pima kutoka pale unapopaona.

Nionyeshe kwa mfano kamili.

Tuseme umepata lenzi ya projekta kuukuu. Bomba lake lina urefu wa sentimita 14.0 na maandishi yamefutika. Unataka kujua f.

Kwanza tafuta fokasi. Simama ndani ya chumba chenye giza kidogo, elekeza lenzi dirishani kwenye kitu cha mbali. Hapa mjini mnara wa Msikiti wa Gaddafi unafaa, au majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma kule vilimani, kutegemea dirisha lako linatazama wapi. Sogeza karatasi nyeupe nyuma ya bomba mpaka mnara uonekane umepinduka na kingo zake ziwe kali. Pima kutoka ukingo wa nyuma wa bomba hadi kwenye karatasi. Tuseme ni sentimita 4.2. Hapo ndipo ilipo fokasi ya nyuma.

Sasa geuza lenzi, nyuma iwe mbele, rudia. Safari hii karatasi inakaa sentimita 2.8 kutoka ukingo. Hiyo ndiyo fokasi ya mbele. Usishangae namba mbili kutolingana. Hizo ni umbali kutoka kwenye kingo za bomba, na bomba halina deni la kuwa na vioo vilivyopangwa sawa pande zote. Urefu wa fokasi wenyewe, kwa lenzi iliyo hewani pande zote mbili, ni mmoja.

Fanya kazi hii asubuhi. Ikifika saa sita mchana ardhi ya Dodoma inakuwa imechemka, hewa juu yake inatetemeka, na mnara hautulii kwenye karatasi. Na usitumie jua. Mbali na kuunguza karatasi na hatari kwa macho, jua ni kitu kibaya cha kulengea: kwa lenzi ya sentimita 10 taswira yake ni kiduara cha kama milimita moja, chenye kung'aa mno, na huwezi kuona lini kingo zake zimekaa.

Pili, rudisha lenzi ielekee kama mwanzo, weka kitu karibu na upime. Kitu changu ni kipande cha chandarua kilichobandikwa mbele ya tochi. Mshumaa unachezacheza, hasa miezi ya upepo, lakini nyuzi za chandarua zimetulia na zinaonyesha wazi kama taswira ni kali au la. Weka chandarua sentimita 22.8 kutoka ukingo wa mbele. Fokasi iko sentimita 2.8 kutoka ukingo huo, basi x = 20.0. Tafuta taswira kwa karatasi: inakaa sentimita 9.3 kutoka ukingo wa nyuma. Toa 4.2, x′ = 5.1.

Zidisha: 20.0 × 5.1 = 102. Kipeuo cha pili ni karibu 10.1. Basi f ni sentimita 10.1.

Usiishie hapo, sogeza chandarua urudie mara mbili:

| x (sm) | x′ (sm) | x · x′ | f (sm) |
|---|---|---|---|
| 20.0 | 5.1 | 102 | 10.1 |
| 12.5 | 8.0 | 100 | 10.0 |
| 5.0 | 19.8 | 99 | 9.9 |

Namba zinazunguka 10. Tofauti ya 102 na 99 si ya kutisha: kwenye mstari wa kwanza, kukosea x′ kwa milimita moja tu kunabadilisha zao kwa 2.

Sasa mtazame mwanafunzi aliyeamua kupima kila kitu kutoka katikati ya bomba, akatumia mlinganyo wa darasani. Kwenye mstari wa kwanza u yake ni 22.8 + 7.0 = 29.8, na v ni 9.3 + 7.0 = 16.3. Anapata f = 10.5. Mstari wa pili unampa 10.3. Wa tatu, 10.0. Vipimo ni vilevile, rula ni ileile, lakini f yake inateremka kadiri kitu kinavyosogea karibu. Lenzi haibadiliki kwa kusogezewa chandarua. Ukiona f inayohama kwa mwelekeo mmoja namna hii, tatizo si mkono wako kutetemeka, ni mahali ulipoanzia kupimia.

Ukitaka kujua mabapa yaliyojificha yako wapi, sasa ni rahisi. Kutoka fokasi ya nyuma rudi sentimita 10.0 kuelekea bomba: sentimita 4.2 zinaisha ukingoni, zilizobaki 5.8 zinaingia ndani. Kutoka fokasi ya mbele, 10.0 toa 2.8, unaingia 7.2. Jumla ya 5.8 na 7.2 ni 13.0, na bomba ni 14.0. Mabapa mawili yameachana kwa sentimita moja. Sentimita hiyo moja, pamoja na mabapa kutokaa sawasawa katikati, ndiyo iliyomhangaisha mwenzetu.

Kitu cha "mbali sana" kiwe mbali kiasi gani?

Hili ni swali zuri, na mlinganyo huu unalijibu wenyewe. Kitu kikiwa mbali kwa umbali x, taswira yake haiko kwenye fokasi kabisa, imeizidi kwa f²/x. Hilo ndilo kosa lako, tayari limeshapigiwa hesabu.

Kwa f ya sentimita 10, mraba wake ni 100. Ukilenga mnara ulioko kilomita moja, x ni sentimita 100,000, kosa ni sehemu moja ya elfu ya sentimita. Hakuna rula ya kuliona. Ukilenga mwarobaini ulioko mita 10, kosa ni milimita 1. Ukilenga ukuta wa darasa la pili, mita 5 tu, kosa ni milimita 2, na hapo vipimo vyako vyote vya x′ vitapungukiwa milimita 2.

Kwa lenzi ndefu zaidi mambo yanakuwa mabaya haraka kwa sababu ya ule mraba. Lenzi ya f sentimita 30 ikilenga mwarobaini huohuo inakosea kwa milimita 9. Kwa hiyo shauri la kwamba "mita kumi ni mbali" ni sahihi kwa lenzi fulani na si sahihi kwa nyingine. Hesabu kabla ya kupima. Na kama hakuna kitu cha mbali, pima umbali wa mti, kisha utoe kosa hilo mwenyewe. Ukitumia f ya kukadiria inatosha.

Nitajuaje kwamba nimeweka fokasi mahali pasipo pake?

Angalia safu ya zao, x · x′. Ikiwa umezipata fokasi vizuri, zao linabaki palepale. Ikiwa umekosea, linahama, na upande linakohama ndio unaokwambia fokasi ipi imekosewa.

Tuseme uliweka fokasi ya nyuma karibu mno na bomba kwa milimita 5. Kila x′ inaongezeka 0.5. Mazao yanakuwa 112, 106 na 101.5. Kosa kubwa liko pale x′ ilipokuwa ndogo, yaani kitu kilipokuwa mbali. Tuseme badala yake umekosea fokasi ya mbele kwa kiasi hichohicho. Sasa kila x inaongezeka 0.5, na mazao ni karibu 105, 104 na 109. Kosa limehamia upande wa pili, pale kitu kilipokuwa karibu.

Ndiyo maana nasisitiza vipimo vitatu vyenye x tofauti sana. Ukipima mara tano palepale utapata namba zinazopendeza kwa kulingana, na zote zitakuwa na kosa lilelile.

Kuna chanzo kingine ambacho si alama yako: lenzi pana isiyozibwa. Miali inayopita pembeni mwa lenzi haikutani mahali pamoja na ile ya katikati, kwa hiyo kuna eneo la milimita kadhaa ambamo karatasi inaonekana "karibu kali" kote. Kata kadibodi yenye tundu dogo katikati, izibe mbele ya lenzi. Mwanga utapungua, lakini mahali pa taswira patajulikana vizuri zaidi.

Na kama fokasi iko ndani ya bomba, siwezi kuifikia kwa karatasi?

Hutokea. Hapo achana na kutafuta fokasi, tumia ukuzaji. Tulisema m = f/x, kwa hiyo x = f/m. Hujui x, lakini ukisogeza kitu unajua umekisogeza kiasi gani, na tofauti ya x mbili haihitaji kujua fokasi iko wapi.

Chora mstari wa sentimita 2 kwenye karatasi laini, uimulike kwa nyuma. Tafuta taswira, pima urefu wake. Tuseme ni sentimita 1.0, yaani m = 0.5. Sogeza mchoro sentimita 7.5 kuelekea lenzi, tafuta taswira tena. Sasa ni sentimita 1.6, m = 0.8. Moja gawa kwa 0.5 ni 2. Moja gawa kwa 0.8 ni 1.25. Tofauti ni 0.75. Gawa 7.5 kwa 0.75 upate f = 10.

Huitwa njia ya Abbe. Udhaifu wake ni kwamba kila kitu kinategemea kupima urefu wa taswira, na taswira ndogo yenye kingo laini inapimika kwa shida. Tumia rula ya chuma yenye milimita safi, na mstari mrefu kadiri lenzi inavyoruhusu.

Mimi si mwanafunzi. Nina shamba la zabibu Mpunguzi na nataka kupiga picha za karibu za matunda na majani yenye ugonjwa. Mlinganyo huu unanihusu?

Unakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote, kaka. Lenzi ya kamera ikiwa imewekwa kwa vitu vya mbali, kihisi cha kamera kinakaa kwenye fokasi ya nyuma. Ili kupiga kitu cha karibu, lenzi lazima isogezwe mbele, na kiasi cha kuisogeza ndicho x′. Hakuna cha kutoa wala kuongeza.

Chukua lenzi ya kawaida ya milimita 50. Unataka tunda lionekane kwenye kihisi nusu ya ukubwa wake wa kweli, m = 0.5. Basi x′ = m × f = milimita 25. Ukiwa na ringi ya kurefusha ya milimita 25 kati ya lenzi na kamera, kazi imeisha. Na tunda likae wapi? x = f/m = milimita 100 kutoka fokasi ya mbele. Ukitaka ukubwa kamili, m = 1, ringi ni milimita 50 na tunda linakaa milimita 50 kutoka fokasi hiyo. Hesabu hii ungeifanya kwa u na v ungezunguka sana, na bado ungeuliza u inaanzia wapi.

Hapohapo unaelewa kwa nini alama za umbali kwenye ringi ya lenzi zimebanana upande mmoja. Kwa lenzi hiyo, f² ni 2,500. Kitu kikiwa mita 10 mbele ya fokasi, lenzi imesogea robo ya milimita tu. Kikiwa mita 1, imesogea milimita 2.5. Kikiwa nusu mita, milimita 5. Safari yote kutoka upeo wa macho hadi mita 10 ni robo milimita, halafu nusu mita ya mwisho inakula milimita 2.5 nzima.

Tahadhari moja. Lenzi nyingi za siku hizi, hasa za kuvuta, hazisogei zote mbele. Vioo vichache ndani ndivyo vinavyohama, na f yenyewe inabadilika unapolenga karibu. Kwa hizo, weka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa, tumia ringi, ndipo hesabu itakubali.

Kitu kikiwa kati ya fokasi na lenzi inakuwaje?

x inakuwa hasi, kwa sababu kitu kimevuka fokasi kuelekea lenzi. Lenzi ya f sentimita 10, kitu sentimita 6 kutoka kwenye lenzi: x = −4. Basi x′ = 100 ÷ (−4) = −25. Hasi maana yake ni kwamba kutoka fokasi ya nyuma unarudi kinyume cha mwendo wa mwanga, sentimita 25. Fokasi ya nyuma iko sentimita 10 baada ya lenzi, kwa hiyo unavuka lenzi na kusimama sentimita 15 upande wa kitu. Hiyo ni taswira isiyo halisi, huipati kwenye karatasi, na imekuzwa mara 2.5. Hivyo ndivyo lenzi ya kusomea maandishi madogo inavyofanya.

Kwa lenzi ya kutawanya, fokasi zimebadilishana mahali: ya "mbele" iko upande wa nyuma wa lenzi. Lenzi ya sentimita 10 ya aina hiyo, kitu sentimita 30 mbele yake: kutoka kwenye kitu hadi fokasi yake ni 30 + 10, x = 40, na x′ = 2.5. Fokasi ya taswira iko sentimita 10 upande wa kitu. Songa kutoka hapo sentimita 2.5 kufuata mwendo wa mwanga, unaikuta taswira sentimita 7.5 kutoka kwenye lenzi, upande uleule wa kitu. Ukiona alama zinakuchanganya, chora kwanza, weka namba baadaye.

Mlinganyo huu unafanya kazi kwa vioo vya kupinda vinavyoakisi mwanga pia?

Ndiyo, x · x′ = f² vilevile. Kioo kina fokasi moja tu, basi vipimo vyote viwili vinaanzia hapo.

Ni lini nisiutumie?

Swali likikupa u na f na kutaka v kwa lenzi nyembamba, tumia unaouzoea. Lenzi mbili zikifuatana kwa umbali unaojulikana, pia ni rahisi kwenda na u na v, kwa sababu umbali kati yake umepimwa kutoka lenzi hadi lenzi.

Kwa lenzi ya kutawanya peke yake huwezi kuipata fokasi kwa karatasi. Inabidi kwanza uiunganishe na lenzi ya kukusanya yenye nguvu zaidi.

Usiutumie pia kama ulivyo pale ambapo upande mmoja wa lenzi ni hewa na mwingine ni maji, kama kamera yenye lenzi inayogusana na maji ya tangi. Hapo urefu wa fokasi ya mbele na wa nyuma si sawa tena, na kulia unaandika zao la zote mbili, f · f′, badala ya mraba wa mmoja. Kupima kunabaki vilevile, kila kitu kutoka kwenye fokasi ya upande wake.